Kudharau Mahakama: Kuadhibu au Kulazimisha?

Tarehe 13 Septemba 2024, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya alimhukumu Gilbert Masengeli, aliyekuwa akikaimu nafasi ya Inspekta Jenerali wa Polisi, kifungo cha miezi sita kwa kosa la kudharau mahakama. Siku saba baadaye jaji yuleyule aliifuta adhabu hiyo, na Masengeli hakulala gerezani hata usiku mmoja. Mtu akizisikia habari hizo mbili kwa pamoja anaweza kudhani kwamba mahakama ilitunisha misuli kisha ikanywea. Mimi naona kinyume chake. Pale ambapo kosa ni kukaidi amri, adhabu iliyofanya kazi yake vizuri mara nyingi ni ile ambayo mwishowe haikutumikiwa, na ile iliyotumikiwa ni dalili kwamba amri iliyokaidiwa haikutekelezwa kamwe.

Chanzo cha shauri hilo kilikuwa kutoweka kwa wanaume watatu waliochukuliwa huko Kitengela, kusini mwa Nairobi, tarehe 19 Agosti 2024, wakati vuguvugu la maandamano ya vijana dhidi ya serikali lilikuwa halijapoa. Chama cha Mawakili wa Kenya kilikwenda Mahakama Kuu na maombi ya kuitaka dola iwafikishe watu hao mbele ya jaji au ieleze waliko. Polisi walikana kuwashikilia. Jaji akamtaka kaimu mkuu wa polisi afike mwenyewe kueleza. Hakufika. Tarehe nyingine ikapangwa, hakufika tena, na hali ikaendelea hivyo mara baada ya mara. Badala yake walikuja mawakili na maafisa wa chini yake, wakiwa na maelezo kwamba mkubwa wao alikuwa na shughuli za usalama kwingineko nchini.

Hapa pana jambo ambalo magazeti mengi yalilipita haraka. Masengeli hakutiwa hatiani kwa kuwateka watu hao, wala kwa kushindwa kuwaleta. Asingeweza kutiwa hatiani kwa hilo katika hatua ile, kwa sababu polisi walikuwa wamekana kuwa nao, na hapakuwa na uthibitisho uliokwisha kupimwa kwamba yeye binafsi alijua walipo. Mtu hafungwi kwa kutofanya jambo ambalo haijathibitishwa kwamba yumo katika uwezo wa kulifanya. Lakini kufika katika chumba cha mahakama cha Milimani asubuhi fulani ni jambo ambalo kila mtu mwenye afya anaweza kulifanya, na kama hakuweza, anaweza kuleta ushahidi wa kilichomzuia. Jaji aliichagua amri ambayo utekelezaji wake haukuwa na utata wowote, akaifanya hiyo ndiyo kipimo. Huo ni ustadi wa kazi, na nitaurudia baadaye kwa sababu ndio unaotofautisha amri zinazotiiwa na amri zinazobaki kwenye faili.

Watu wengi wakisikia maneno kudharau mahakama hufikiria kelele: mshtakiwa anayemtukana hakimu, shahidi anayekataa kula kiapo, msikilizaji anayepigisha simu kesi ikiendelea. Sura hiyo ipo. Nchini Tanzania, kifungu cha 114 cha Kanuni ya Adhabu kimeiweka pamoja na nyingine nyingi, zikiwamo kumshawishi shahidi isivyo halali, kumfukuza kazi mtumishi kwa sababu alitoa ushahidi, na hata kulirudia shamba au nyumba baada ya mtu mwingine kukabidhiwa kwa amri ya mahakama. Kosa likitendwa mbele ya macho ya hakimu, sheria inamruhusu amweke mtu huyo chini ya ulinzi na kumhukumu siku hiyohiyo kabla mahakama haijaahirishwa. Sababu ya haraka hiyo ni dhahiri, maana shughuli haiwezi kuendelea huku mtu akiivuruga. Hatari yake nayo ni dhahiri: hakimu aliyetukanwa anakuwa mlalamikaji, shahidi na mwamuzi kwa wakati mmoja, akiwa bado amekasirika. Kwa hiyo hakimu mwenye busara humweleza mtu kosa lake kwa maneno bayana, humpa nafasi ya kujieleza au kuomba radhi, huandika vyote viwili katika mwenendo wa kesi, na mara nyingi huridhika na radhi.

Sura ya pili ni ya maandishi, yaani kuchapisha jambo linaloweza kupotosha kesi inayoendelea au kuivunjia heshima mahakama yenyewe. Hii ndiyo sura iliyotumiwa vibaya kuliko zote, na sioni haja ya kuipamba. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilimfunga mhariri Tony Gachoka miezi sita kwa sababu ya makala zilizowatuhumu majaji kwa rushwa. Mahakama hiyo wakati huo ndiyo iliyokuwa ya juu kabisa nchini, na ililisikiliza shauri hilo moja kwa moja, kwa hiyo aliyehukumiwa hakuwa na mlango wa rufani wa kubisha. Tuhuma za rushwa dhidi ya jaji ama ni za kweli, na zinahitaji uchunguzi, au ni za uongo, na sheria ya kashfa ipo. Kumfunga aliyeziandika hakujibu swali lolote kati ya hayo mawili.

Sura ya tatu, ile ya kukaidi amri, haina kelele wala maandishi. Mara nyingi ni ukimya tu: barua inapokewa, inapigwa muhuri, inawekwa kwenye jalada, na hakuna kinachofanyika. Ndiyo inayojaza orodha za kesi siku hizi, na ndiyo iliyomfikisha Masengeli alipofika.

Ili mtu atiwe hatiani kwa ukaidi wa namna hii, mahakama za Kenya zimezoea kuuliza maswali manne. Je, amri ilikuwa wazi kiasi kwamba msomaji wa kawaida angejua anatakiwa kufanya nini na lini? Je, mtu huyu aliijua? Je, aliivunja? Na je, aliivunja kwa makusudi? Kiwango cha uthibitisho si kile cha kesi za kawaida za madai. Tangu uamuzi wa mwaka 1985 wa Mahakama ya Rufani katika kesi iliyohusu kampuni ya Baharini Farm, msimamo ni kwamba uthibitisho uwe mzito kuliko ule wa kupima upande upi una uzito zaidi, ingawa hauhitaji kufikia kabisa kile cha kuondoa shaka yote ya maana. Sababu ni kwamba hata shauri likiitwa la madai, mwisho wake unaweza kuwa kufuli la gereza.

Swali la pili ndilo lililokuwa likiangusha maombi mengi. Zamani ilibidi kuthibitisha kwamba amri ilikabidhiwa mkononi mwa mhusika, ikiwa na ilani ya adhabu, yaani maneno yanayomwonya kwamba asipotii anaweza kufungwa. Ofisa mkubwa alijua namna ya kuliepuka hilo: mpelekaji wa hati anazuiwa langoni, katibu muhtasi anasema bosi yuko kikaoni, na mwezi unakwisha. Mwaka 2012 Jaji Isaac Lenaola, katika kesi ya Basil Criticos, alisema kwamba ikiwa ni dhahiri mtu aliijua amri, kukosekana kwa makabidhiano ya mkononi hakumwokoi. Mahakama ya Rufani iliukubali mwelekeo huo mwaka 2015 katika kesi ya Shimmers Plaza, ikaongeza kwamba amri iliyotolewa wakili wake akiwapo inahesabiwa kuwa anaijua, mradi haijathibitishwa kwamba wakili hakumfikishia. Hapo mchezo wa langoni ulipungua sana. Kwa Masengeli haukuwapo kabisa, kwa kuwa mawakili wake walikuwa wakisimama mbele ya jaji na kueleza kwa nini hakuja.

Swali la kwanza nalo huangusha maombi kuliko watu wanavyodhani, na hapa lawama ni ya mawakili wanaoandika rasimu za amri na majaji wanaozitia saini bila kuzihariri. Amri inayosema kwamba wizara ichukue hatua zinazofaa ndani ya muda mwafaka haiwezi kumfunga mtu yeyote, kwa sababu hakuna anayeweza kusema ni siku gani ilivunjwa wala nani aliyeivunja. Wizara haina shingo ya kushikwa. Amri inayomtaja mwenye cheo, tendo moja, mahali na tarehe ndiyo inayoacha alama ya wazi inapovunjwa.

Sasa turudi kwenye adhabu yenyewe. Jaji Mugambi hakumhukumu Masengeli siku ileile aliyomtia hatiani. Alimpa kwanza nafasi ya kuja kujitetea kuhusu adhabu, na nafasi hiyo nayo haikutumiwa. Ndipo akatamka miezi sita, lakini akausitisha utekelezaji kwa siku saba na kusema kwamba mtu huyo akifika mahakamani ndani ya siku hizo na kueleza alichotakiwa kueleza, adhabu itaangaliwa upya. Asipofika, ajisalimishe gerezani. Asipojisalimisha, waziri anayehusika na usalama wa ndani ahakikishe kwamba anapelekwa. Tamko hilo la mwisho lina kejeli isiyokusudiwa. Kwa kawaida anayemkamata mkaidi ni polisi, na hapa mkaidi alikuwa mkuu wa polisi.

Kilichofuata hakikuwa kizuri kwa dola. Walinzi wa jaji waliondolewa, jambo lililomfanya Jaji Mkuu Martha Koome kulalamika hadharani tarehe 16 Septemba kwamba ni shambulio dhidi ya uhuru wa mahakama. Kisha, tarehe 20 Septemba, siku ya mwisho ya muda uliotolewa, wale wanaume watatu walipatikana wakiwa hai, wakiwa wameachiliwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Siku hiyohiyo Masengeli alisimama mbele ya Jaji Mugambi, akaomba radhi na kutoa maelezo, na jaji akaifuta adhabu. Siwezi kusema kwamba hukumu ndiyo iliyowafungulia watu hao mlango, kwa kuwa aliyewashikilia hajathibitishwa kwa hukumu ile. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa wiki tatu kabla ya hukumu amri za kawaida hazikumtoa mkubwa huyo ofisini, na kwa wiki moja baada yake alitoka.

Tofauti na faini inaonekana vizuri tukirudi nyuma miaka sita. Mwishoni mwa Machi 2018, Jaji George Odunga aliwatia hatiani Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i, Inspekta Jenerali Joseph Boinnet na mkuu wa uhamiaji Gordon Kihalangwa kwa kukaidi amri za kumwachilia Miguna Miguna, wakili na mwanasiasa wa upinzani aliyekuwa akizuiliwa katika uwanja wa ndege wa Nairobi. Kila mmoja alitozwa faini ya shilingi 200,000, ikatwe kwenye mshahara wake mwenyewe, isitoke katika fedha za umma. Sharti hilo la mshahara lilikuwa la maana, kwa kuwa faini inayolipwa na wizara ni faini inayolipwa na mlalamikaji mwenyewe kupitia kodi yake. Lakini Miguna alisafirishwa hadi Dubai, na hakurudi kukaa Kenya mpaka Oktoba 2022, serikali ilipokuwa imebadilika. Faini ilifunga hesabu ya kosa lililopita na haikuacha shinikizo lolote la kutii kuanzia hapo. Waziri anayeona kwamba bei ya kukaidi inajulikana na ni mara moja tu, anaweza kuilipa na kuendelea na shughuli zake.

Kwa mtu wa kawaida suala hili halianzii kwenye utekaji wala uwanja wa ndege. Linaanzia kwenye deni. Mkandarasi aliyejenga darasa, au mjane wa mtu aliyegongwa na gari la serikali, anashinda kesi na kupewa hukumu ya fedha. Dhidi ya jirani yake angemtuma dalali wa mahakama akamate mali. Dhidi ya serikali ya Kenya hawezi, kwa sababu kifungu cha 21 cha Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali kinakataza kukamata mali ya umma. Inambidi achukue cheti cha amri ya malipo, akikabidhi wizarani, asubiri, kisha arudi Mahakama Kuu kuomba amri nyingine inayomtaja afisa masuuli, yaani yule anayeidhinisha matumizi ya fedha, na kumlazimisha alipe. Asipolipa baada ya hapo, hatua iliyobaki ni moja tu, kumshtaki afisa huyo kwa kudharau mahakama. Kwa mdai wa aina hii uwezo wa mahakama wa kufunga mtu ndio dalali wake wa pekee.

Ukiujua mzunguko huo utaelewa kwa nini Sheria ya Kudharau Mahakama ya mwaka 2016 ilizua ubishi. Kifungu chake cha 30 kilitaka mahakama, kabla ya kumchukulia hatua afisa masuuli, impe ilani ya siku zisizopungua 30 ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua. Juu juu ni ungwana. Kwa mdai aliyekwisha kupita hatua zote hizo, ulikuwa mwezi mwingine wa kungoja, na kwa amri ya dharura, kama ya kumtoa mtu mahabusu, ulikuwa sawa na kuifuta. Tarehe 9 Novemba 2018 Jaji Chacha Mwita aliibatilisha sheria yote, kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo ilipotungwa, na kwa sababu vifungu kama hicho viliingilia mamlaka ya mahakama. Tangu hapo majaji wameegemea tena kifungu cha 5 cha Sheria ya Mahakama, kinachowapa uwezo sawa na ule wa Mahakama Kuu ya Uingereza. Nakubaliana na ubatilishaji ule, lakini sioni fahari katika nchi yenye katiba ya mwaka 2010 kuendelea kutafuta utaratibu wa kuwafunga maafisa wake katika kanuni za London.

Kwa upande mwingine wa hoja yangu iko Afrika Kusini. Tarehe 28 Januari 2021 Mahakama ya Katiba ilimwamuru rais wa zamani Jacob Zuma afike mbele ya Tume ya Jaji Raymond Zondo, iliyokuwa ikichunguza uporaji wa dola. Hakwenda. Mahakama ilimwalika alete hati ya kiapo kuhusu adhabu inayomfaa. Alimwandikia Jaji Mkuu barua ndefu ya malalamiko badala yake. Tarehe 29 Juni 2021 Jaji Sisi Khampepe, kwa niaba ya majaji saba dhidi ya wawili, alimfunga miezi 15 bila kusitisha hata siku moja na bila kumwachia njia ya kujinusuru kwa kutii. Alieleza kwamba kulazimisha kulikuwa kumepoteza maana, kwa kuwa tume ilikuwa ukingoni na Zuma alikuwa ameonyesha kwamba hatatii kamwe.

Jaji Leona Theron, akiungwa mkono na Jaji Zukisa Tshiqi, alipinga. Hakumtetea Zuma, alikubali kwamba alikuwa na hatia. Alichokataa ni mtu kufungwa kwa adhabu tupu katika shauri la madai, ambako hakushtakiwa na mwendesha mashtaka na hakupata kinga zote za mshtakiwa wa jinai. Kwa maoni yake, ama adhabu iwe ya masharti ili imsukume atii, au jalada lipelekwe kwa mwendesha mashtaka. Naona hoja ya Theron ni bora kisheria, ingawa naelewa kwa nini wengi walihisi kwamba taasisi yao ilikuwa ikichezewa. Kilichotokea baadaye kinajulikana: Zuma alijisalimisha usiku wa tarehe 7 Julai, ghasia zikaua zaidi ya watu 300, akatolewa Septemba kwa sababu za kiafya, mahakama zikasema kutolewa huko kulikuwa kinyume cha sheria, na Agosti 2023 akafaidika na msamaha wa kupunguziwa kifungo. Kuhusu yale aliyotakiwa kuieleza tume, haikupata jibu lake.

Si kwamba njia ya Mugambi haina kasoro. Ofisa akijua kwamba kufika siku ya saba kunafuta yote, atazipuuza tarehe zote za mwanzo na kuja siku ya saba. Kasoro hiyo inatibika bila kuacha njia yenyewe: jaji anaweza kuifuta sehemu ya kifungo na kubakiza gharama za kila kikao kilichopotea, zikatwe kwenye mshahara wa mkaidi kama alivyofanya Odunga. Bunge la Kenya likitunga sheria mpya, ningependa ianzie hapo, itofautishe waziwazi kifungo cha kumsukuma mtu atii na kifungo cha kumwadhibu kwa yaliyopita, na hiki cha pili kisitolewe bila mashtaka ya jinai na haki ya rufani. Ilani ya siku 30 ibaki kwa madeni ya fedha pekee, na isihesabiwe upya kila afisa anapohamishwa.